Uso wa Muuza Mafuta

Wifi yangu Tufaha alikuwa na uso. Mtasema kila mtu ana uso. Haya, kaeni na nyuso zenu. Wa kwake ulikuwa unalisha nyumba nzima, mimi nikiwa mmoja wa walishwaji, kwa hiyo nina haki ya kuusifu.

Tufaha aliolewa na kaka yangu Hilali. Sisi ni watu wa duka hapa Tabora tangu babu zetu walipofika na misafara wakaona hakuna haja ya kuendelea. Ukaja mwaka ule maduka ya watu binafsi yakafungwa, tukaambiwa tukanunue kwenye duka la ushirika, ambako ukienda unakuta muuzaji na kaunta tu. Hilali akabaki na mizani isiyo na cha kupima. Alikuwa anakaa barazani tangu asubuhi, akiitikia salamu za wapita njia kama mtu aliyeajiriwa kuitikia salamu. Mimi ni mjane, nilikuwa nimerudi kwa kaka yangu, sina langu. Basi tukala kwa makopo ya Tufaha.

Makopo yenyewe yalikuwa ya mafuta ya uso. Masele, mrina asali wa kule Kaliua, alikuwa anatuletea nta kwa treni, madonge ya manjano yananukia moshi. Tufaha aliiyeyusha nta kwenye sufuria, akatia samli na mafuta ya ufuta, kisha liwa na karafuu zilizotwangwa. Mimi kazi yangu kukoroga na kulalamika moto. Yakipoa yanaganda mazito, ukichota kwa kidole yanabaki yamesimama. Ukijipaka usoni unang'aa mpaka kesho yake. Bibi harusi wa Tabora asiyepakwa mafuta ya Tufaha, watu walikuwa wanauliza kwao kuna msiba gani.

Na biashara ile ilikuwa na desturi yake, aliyoachiwa na bibi yake. Zamani za misafara watu walikuwa wanatoka mbali, hawajuani, na mafuta ya mgeni huyapaki usoni mwa mtoto wako hivi hivi. Anaweza kuwa adui. Kwa hiyo muuzaji lazima achote kwenye kopo lile lile, ajipake yeye kwanza, hapa puani na kuzunguka mdomo ambapo kila mtu anaona, ndipo ampake mteja. Akichota anasema, "Wangu kwanza, wako baadaye." Asiposema hivyo na kujipaka, mteja anavaa viatu anaondoka. Wateja wakija wengi, Tufaha alikuwa anajipaka juu ya mpako, na jioni uso wake unateleza kama sahani ya pilau.

Vipele vilianza mfunguo mosi, msimu wa harusi. Vidogo vidogo, vyekundu vya kuiva, vimejipanga kwenye mikunjo ya pua na kuzunguka mdomo. Tufaha akavitazama kwenye kioo, akasema ni joto. Akaongeza mafuta. Vikazidi. Ngozi ikawa inakaza na kutoa magamba, akasema ni ukavu huo. Akaongeza tena.

"Wifi," nikamwambia, "mganga hajigangi."

"Na mkorogaji hanyamazi," akanijibu.

Ndipo binamu yetu Ghalibu akaja kutoka Dar es Salaam na tyubu ndogo ya krimu, eti dawa ya ngozi ya kisasa, huko mjini kila mtu anayo. Tufaha akaipaka, na kweli vipele vikanywea. Nikamwombea Ghalibu heri, dua ninayodai nirudishiwe mpaka leo. Kila Tufaha alipoiacha krimu, vipele vilirudi na jamaa zao. Akaipaka tena, vikatulia. Akaiacha, vikaja vingi kuliko mwanzo. Mwisho akawa anapaka tyubu chini na mafuta yake juu, na bado ukimtazama karibu unaviona vimeota.

Wateja nao wana macho. Kizuri chajiuza, na kibaya nacho kinaonekana. Mama mmoja alishika kopo, akamtazama Tufaha mdomoni, akalirudisha taratibu, akasema atapita kesho. Kesho hiyo haijafika. Tufaha akaanza kuvuta ushungi wake hadi juu ya pua, anauza kwa macho tu, na wakati wa kujipaka anaingiza kidole chini ya kitambaa. Nilikuwa ninaumia kumwona hivyo, kwa sababu mtu yule hakuwahi kujificha maishani mwake. Nikamwambia mficha maradhi kifo humuumbua. Akasema vipele haviui. Nikamwambia njaa inaua, twende hospitali.

Daktari alikuwa Anselm, kijana wa Kinyamwezi aliyerudi kutoka masomoni. Alisimama kutupokea. "Shikamooni mama zangu."

"Marahaba," nikajibu, nikamdharau kidogo kwa sababu ndevu zake zilikuwa bado hazijaamua. Alinifundisha adabu siku ile yule kijana.

Kwanza alimpa Tufaha beseni la maji, akamwomba anawe mafuta yote. Halafu akageuza kiti kuelekea dirishani. Akaangalia kimya, muda mrefu, bila kushika.

"Mama, vinawasha?"

"Vinachoma zaidi kuliko kuwasha. Na ngozi inakaza kama nimepakwa uji ukakauka."

Akaniita mimi nisogee. "Mama, tazama hapa. Vipele vimezunguka mdomo, lakini vimeacha ufito mwembamba wa ngozi safi ukigusana na midomo yenyewe. Umeuona?" Nikauona. Miezi yote ile nilikuwa ninakaa naye bega kwa bega, sikuwahi kuuona. "Hiyo ndiyo tabia ya ugonjwa huu. Si chunusi, hakuna vichwa vyeusi. Si uchafu, wala haumwambukizi mtu. Sasa niambie kila kitu kinachogusa uso wako."

Tufaha akaanza kutaja, sabuni, mafuta, na tyubu akaisema kwa sauti ndogo. Daktari akaomba kuiona. Mimi nilikuwa nayo mkobani. Akasoma maandishi yake, akatikisa kichwa.

"Hii ni dawa kali ya kunyamazisha uvimbe. Inafaa kwa magonjwa mengine, si kwa huu. Inaufunika. Ukiacha, ugonjwa unarudi na hasira, nawe unakimbilia tyubu tena. Hivyo ndivyo inavyokufunga." Kisha akachukua kopo, akachota kidogo, akayasugua vidoleni. "Na haya mafuta ni mazuri. Yana nta?"

"Nta ya Kaliua," Tufaha akasema, na hata katika hali ile alijikweza kitini.

"Nta inaziba. Kwenye kisigino kilichopasuka ningekupa mimi mwenyewe. Lakini ngozi ya hapa mdomoni na puani ni laini, na yako imeshachokozeka. Ukiifunika na mafuta mazito mchana kutwa, inalowana chini yake, inavimba, vinyweleo vinaziba, na uwezo wake wa kujilinda unapungua. Ikikosa nguvu hiyo inakauka na kukaza. Wewe ukiona imekaza unasema inataka mafuta. Unaongeza, na mzunguko unaendelea." Akaweka kopo chini. "Chanzo chake chote hatukijui, sitakudanganya. Lakini vinavyouchochea tunavijua, na viwili viko hapa mezani. Unajipaka mara nyingi?"

Nikamjibu mimi, nikamweleza wangu kwanza, wako baadaye. Yule kijana akasema pole. Alielewa ni kitu gani anakwenda kumwomba mtu yule aache.

Dawa yake ilikuwa kuacha. Aache tyubu, mafuta, poda na sabuni, anawe kwa maji matupu ya uvuguvugu. Akampa na vidonge vya kumeza kwa wiki kadhaa, akamwonya asivimeze pamoja na maziwa, yanavizuia kufanya kazi. "Na lazima nikwambie jambo moja," akasema. "Kwa sababu ya ile tyubu, kabla ya kupona utaharibika zaidi. Uso utawaka. Utatamani kupaka. Watu wengi wanashindwa hapo, wanadhani dawa imewadhuru. Usipake. Utatulia wenyewe, taratibu."

Hakusema uongo. Baada ya siku chache uso wa Tufaha uliwaka kuanzia puani hadi kidevuni, vipele vimeshikana, vingine vina usaha mdogo kichwani. Alikuwa anakaa uani, amekunja mikono kwapani ili isiende usoni. Kopo liko pale rafuni, mafuta aliyopika mwenyewe, na anajua akipaka tu kule kukaza kutamwachia kwa saa moja. Hakupaka. Mimi ningepaka. Mimi jino likiniuma nusu siku kila jirani anajua. Hilali alimletea maji ya uvuguvugu kila asubuhi, akamwambia, "Uso ni wako kwanza, wa wateja baadaye." Ni maneno pekee ya maana aliyosema mwaka ule, na ninamhesabia thawabu.

Katikati ya hali hiyo ndipo ikafika harusi ya Kwihara.

Mama Fakhria, mke wa Humaidi, alikuwa anamwoza binti yake mkubwa, Fakhria. Watu wenye mashamba na jamaa kila kituo cha reli hadi Kigoma. Alikuwa ameshamwalika Tufaha aje kumpaka bibi harusi siku yenyewe, mbele ya wanawake wote. Ukipaka nyumba ile, msimu mzima ni wako. Ukiharibu nyumba ile, funga makopo ukauze nta ya mishumaa. Sote tulijua hivyo, hata mizani ya Hilali ilijua.

Njiani nilimpangia wifi yangu hila. Ajifanye anajipaka, kidole kiguse kitambaa tu. Au ajipake kidogo, mara moja hakuui. Tufaha aliongeza mwendo. Alikuwa amejifunga ushungi hadi puani, kikapu kichwani, anatembea.

Chumba kilijaa wanawake, udi unafuka, kila mmoja ana la kusema. Fakhria alikuwa ameketi mkekani amefunikwa kanga, kimya, kwa sababu mwali hasemi. Tufaha akakaa mbele yake, akafungua kopo. Mama Fakhria akatuliza watu kwa mkono, kisha wote wakangoja. Wangu kwanza. Nikaona kidole cha Tufaha kimesimama juu ya mafuta.

Akakirudisha. Akamfunua yule binti kanga, akamshika kidevu, akamgeuza kuelekea dirishani, kama alivyogeuzwa yeye. Nami nikasogea, maana nilikuwa nimejua pa kutazama. Kwenye mikunjo ya pua na chini ya mdomo kulikuwa na vipele vichache, vidogo, vinang'aa kwa mafuta. Na ule ufito safi ulikuwepo.

"Wanakupaka nini, mwanangu?"

"Mafuta yako, bibi. Asubuhi na jioni, tangu niwekwe ndani."

"Vinawasha?"

Binti akamtazama mama yake, kisha akasema, "Vinachoma. Vikichoma naambiwa nipakwe zaidi."

"Mwali hasemi," mama yake akakata. "Mpake, Tufaha, wageni wanangoja."

Hapo nilitamani kumfinya wifi yangu. Vipele vyenyewe vichache, mafuta yangevifunika, harusi ingepita, tungekula. Nani angejua? Tufaha akafunika kopo. Halafu akashika ushungi wake, akaushusha hadi shingoni.

Wanawake wakanyosha shingo. Uso ule, nilikuwa nimeuzoea mimi, lakini pale kwenye mwanga wa dirisha, mbele ya wanawake waliojipamba, hata mimi nilishtuka.

"Nitazameni vizuri," akasema. "Mimi ndiye muuzaji na huu ndio uso wangu. Nilipata vipele kama hivi vya Fakhria, vichache hivi hivi. Nikavipaka mafuta, vikazidi. Nikatia na dawa ya tyubu ambayo sikuijua, nikafika hapa. Daktari amenikataza, na leo sijipaki. Na nisichopaka kwangu sipaki kwa mtoto wa mwenzangu."

"Kwa hiyo umetuuzia sumu," Mama Fakhria akasema.

"Si sumu. Mikono yangu ndiyo inayopika mafuta haya, itazame, haina kipele. Miguu pia. Lakini ni mazito, na ngozi ya hapa ikishachokozeka haiyawezi. Akiacha sasa, vitaisha."

"Vitaisha leo?"

"Leo haviishi. Wiki nyingi."

"Mbona hukusema siku ulipoyauza?"

"Sikujua. Leo najua."

Angeweza kuishia pale. Badala yake aliomba maji ya uvuguvugu. Hakuna aliyeinuka. Fakhria mwenyewe, mwali asiyesema, ndiye akaomba, "Mama, naomba nikanawe." Na msichana wa jikoni akaleta bakuli. Tufaha akamnawisha polepole, bila sabuni na bila kusugua, akamkausha kwa kumgusagusa na ncha ya kanga safi. Binti akashusha pumzi ndefu, akasema ngozi imepoa kidogo. Mama yake akatuonyesha mlango. Alituambia kwamba habari hii itatangulia kufika Ujiji kabla ya treni, na kwa hilo alikuwa mkweli.

Njiani kurudi nilimsema. Nilimsema tangu Kwihara, sina haja ya kuficha, ndio ulimi wangu. Nilimwambia ametufungia jiko, kwamba ukweli hauliwi na ugali. Alikuwa anatembea mbele, ushungi uko shingoni, jua linampiga usoni, na watu wa mashambani wanasimama na majembe yao kumtazama. Hakuufunika tena. Nilipoona hivyo maneno yakaniishia. Nikachukua kikapu nikabeba mimi. Nilijua kwamba ninamfuata mtu aliyenizidi, na nikafurahi kumfuata.

Msimu ule hakuja mteja. Nta ya Masele ikarundikana chumbani, Hilali akauza baiskeli yake, tukala mihogo. Uso wa Tufaha ulitulia polepole, kwanza kidevu, mwisho mikunjo ya pua. Ukaacha madoa meusi, nayo yakafifia kwa miezi. Hakuupaka kitu.

Masele ndiye aliyekuja kulalamika kwamba wake wa wakulima wa tumbaku kule Usoke wanapasuka mikono na visigino. Tufaha akamkabidhi makopo, akamwambia, "Mikononi na miguuni tu. Mwenye kupeleka usoni mrudishe kwangu." Yakaisha, akaagiza mengine. Basi nikawa ninakoroga tena, ninalalamika moto tena, na ugali ukarudi.

Mwaka uliofuata, asubuhi moja, Hilali akaitikia salamu barazani kwa sauti ya woga. Aliyeingia alikuwa Mama Fakhria. Nyuma yake binti yake mdogo, ambaye naye alikuwa amepata mchumba. Nikajiweka tayari kwa ugomvi, maana ninaumudu.

Hakugombana. Alikaa mkekani, akamsalimia Tufaha kwa jina la heshima, akasema Fakhria hajambo, ana mtoto, uso safi, na siku ya harusi yake aliolewa na vipele vyake na mume hakukimbia.

Tufaha akachukua kopo rafuni, kwa mazoea tu. Akalifungua. Nikamwona Mama Fakhria analitazama, nami nikangoja amdai Tufaha lile neno, wangu kwanza, kwa sababu mafuta yale hayajawahi kupakwa bila neno hilo tangu enzi za misafara.

Hakulidai. Alimvua binti yake ushungi, akamnawisha uso kwa maji aliyokuja nayo kwenye chupa, ya uvuguvugu bado, akamgeuza kuelekea dirishani.

"Mtazame," akasema. "Ukisema apake, atapaka. Ukisema aache, ataacha."

Tufaha akaweka kopo chini, akafuta mikono yake kwenye kanga, akamshika binti kidevu. Aliangalia kimya, muda mrefu, na uso wake mwenyewe haukuwa na chochote, si kipele wala mafuta.